Kabla mhandisi hajashika maiki

Katika vijiji vya Mkoa wa Singida, habari nzito mara nyingi huletwa na mtu ambaye watu hawana hamu ya kumsikiliza. Anayekuja kueleza kwamba maji ya kisima kipya yana madini yanayoharibu meno ya watoto ni mhandisi wa RUWASA aliyeshika karatasi mbili za vipimo. Anayekuja kueleza kwamba hesabu za mauzo ya dengu hazilingani na kilo zilizopokelewa ghalani ni mkaguzi wa COASCO aliyeshika jedwali. Wote wawili wamezoea kusema na wenzao wa ofisini. Wakisimama mbele ya mkutano wa kijiji au mkutano mkuu wa AMCOS, wanasoma namba kwa sauti moja mpaka mwisho, na watu wanaanza kutazama jua limefika wapi.

Kumfundisha mhandisi ufasaha ni kazi ya miaka. Lakini yupo mtu mwingine anayesimama kabla yake kwa dakika moja au mbili, naye anaweza kubadilisha namna watu watakavyosikiliza ile nusu saa inayofuata. Ni yule anayemtambulisha: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwalimu aliyeombwa kuongoza ratiba, au katibu wa kamati ya maji. Nitachambua kazi ya mtu huyo. Ninavyoona mimi, kazi yake ni kuliweka wazi swali ambalo wasikilizaji wameondoka nalo nyumbani asubuhi hiyo, kisha kuwaonyesha kwamba mwenye jibu ndiye huyu aliyekaa pembeni na karatasi zake. Wasifu wa msemaji ni jambo la pembeni.

Utambulisho tuliouzoea unakwenda kinyume na hapo. Mkutano ukiwa na mgeni rasmi, itifaki peke yake hula robo saa: anatajwa mheshimiwa diwani, wanatajwa wajumbe wa halmashauri ya kijiji, viongozi wa dini, viongozi wa chama, walimu, wazee maarufu, kila mmoja anasimama na kupunga mkono. Mtaalamu anafikiwa mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kupiga makofi mara kumi na tano, na maneno anayopewa yanafanana kila mahali: “Sasa nimkaribishe mtaalamu wetu kutoka wilayani. Huyu ni mhandisi, ana shahada ya uhandisi wa maji, ana shahada ya pili, amefanya kazi mikoa mitatu. Atatuletea mada ya ubora wa maji. Mambo yake ni ya kitaalamu kidogo, kwa hiyo naomba tuvumiliane, hatachukua muda mrefu. Karibu sana mtaalamu.”

Hapo msikilizaji ameambiwa mambo matatu: kwamba mtu huyu amesoma kuliko yeye, kwamba maneno yake hayataeleweka, na kwamba yatakwisha upesi. Hakuna hata moja linalompa sababu ya kutega sikio. Sentensi ya kuomba uvumilivu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inampa kila mtu ruhusa ya kutosikiliza kabla mhandisi hajafungua mdomo. Anayeisema hudhani anamsaidia msemaji. Ukweli ni kwamba amemwombea msamaha kwa kosa ambalo bado hajalifanya.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kijiji na watu wake ni wa kutunga, ila mambo ya ardhi na maji ni ya kweli.

Sehemu kubwa ya Singida imekaa juu ya mwamba wa granaiti, yale mawe makubwa unayoyaona yamejitokeza hata pale mjini kuzunguka maziwa Singidani na Kindai. Maji ya chini ya ardhi hukaa kwenye nyufa za mwamba huo na kwenye sehemu iliyooza juu yake. Ndiyo maana mtambo wa kuchimba unaweza kukuta maji hapa, ukasogea kidogo tu ukakuta jiwe kavu. Maji yakikaa muda mrefu ndani ya mawe ya namna hiyo yanaweza kuyeyusha madini yaliyomo, na mojawapo ni floraidi. Kwa kiasi kidogo floraidi husaidia meno. Ikizidi, watoto wanaokunywa maji hayo katika miaka ile ambayo meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ikizidi sana, na kwa miaka mingi, huumiza mifupa. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Zamani Tanzania iliruhusu miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4, kwa kuwa maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine. Sasa kiwango ni hicho cha 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani.

Sasa tuseme kisima cha shule kimefungwa. Sampuli ya kwanza ilionyesha miligramu 3, ya pili ikaonyesha hivyo hivyo. Watu wamerudi kuchota maji ya bwawani. Maneno ni mengi kijijini, na mhandisi anakuja Jumamosi kuyaeleza majibu ya maabara. Mwalimu wa shule ameombwa amtambulishe.

Kazi ya mwalimu inaanza kabla ya Jumamosi, na sehemu yake kubwa ni kuuliza. Anampigia simu mhandisi, au anamwahi kabla mkutano haujaanza, wakae naye pembeni kwa dakika kumi. Wasifu wake auache. Amuulize: katika yote utakayosema, ni lipi moja ambalo watu wakilisahau utaona safari yako imepotea? Wahandisi wengi hushtuka kidogo wakiulizwa hivyo, kwa kuwa walikuwa wamepanga kusema mambo kumi na mawili yenye uzito sawa. Huyu wetu anafikiri, kisha anasema: “Wasidhani kuchemsha kunasaidia.” Amuulize pia: wewe mwenyewe ulifanya nini kwenye kisima hiki? Jibu linakuja kwamba yeye ndiye aliyechota sampuli, na aliporudishiwa majibu hakuridhika, akarudi kuchota tena. Amuulize mwisho: neno gani geni utalirudia mara nyingi? Floraidi. Na namba gani? Moja nukta tano.

Swali la pili, la kile alichokifanya kwa mikono yake, ndilo linalosahaulika zaidi na ndilo lenye faida kubwa. Shahada haimwambii mama mwenye ndoo chochote kuhusu kisima chake. Lakini mtu aliyerudi mara ya pili na chupa kwa sababu hakuyaamini majibu ya kwanza, huyo ameonyesha uangalifu ambao kila mtu anaweza kuupima bila kusoma uhandisi.

Upande wa pili mwalimu awasikilize watu: dukani, kisimani, kwenye mashine ya kusaga. Asikusanye malalamiko yote, atafute lile swali ambalo mhandisi ana jibu lake. Hapa hakulitafuta sana. Mama mmoja amekwisha kuuliza: kama maji ya kisima ni mabaya, si tuyachemshe tu kama tunavyochemsha ya bwawani? Swali hilo limebeba jambo lenyewe ambalo mhandisi anataka lisisahaulike, tena kwa maneno ya mtu wa pale.

Basi Jumamosi anasimama na kusema hivi:

“Mama zangu, wazee wangu, vijana wenzangu. Kisima cha shule kimefungwa tangu mwezi uliopita na sisi tumerudi bwawani. Maneno ninayoyasikia ni matatu. Wapo wanaosema pampu imekufa. Wapo wanaosema kuna hela imeliwa. Na mama mmoja aliniuliza juzi pale dukani: kama maji ni mabaya, kwa nini tusiyachemshe kama tunavyochemsha ya bwawani? Mimi nilikosa jibu. Injinia huyu ndiye aliyechota maji ya kisima kile kwa mkono wake akayapeleka maabara, na majibu yalipotoka akarudi kuchota tena ili ahakikishe. Karatasi anayo. Mtamsikia akitaja neno floraidi. Hayo ni madini yanayotoka kwenye mawe chini ya ardhi, hayaonekani kwa macho wala huyasikii mdomoni. Na mtamsikia akitaja moja nukta tano. Hapo ndipo mwisho unaoruhusiwa. Kila akitaja kipimo cha kisima chetu, kilinganisheni na moja nukta tano. Injinia, naomba uanze na swali la yule mama: tukiyachemsha, yanakuwa salama?”

Hayafiki dakika mbili, na yamefanya kazi nyingi. Watu wamesikia maneno yao wenyewe yakisemwa hadharani, pamoja na ule uvumi wa hela. Wapo watakaosema uvumi usitajwe mbele ya mgeni. Nadhani wanakosea. Uvumi usiotajwa hukaa vichwani mwa watu mkutano mzima, na kila namba ya mhandisi hupimwa kwa huo. Ukitajwa bila jina la mtu, na kwa sauti ya kawaida, unakuwa moja ya maelezo matatu yatakayopimwa na ushahidi. Neno geni limefunguliwa mapema, kwa hiyo mhandisi atakapolitumia halitawapotezea watu dakika nzima wakiulizana. Namba moja imekabidhiwa kama kigezo, na mtu mwenye namba moja ya kulinganishia anaweza kufuatilia hata jedwali.

Angalia pia kilichoachwa. Mwalimu anajua tayari kwamba kuchemsha hakusaidii, kwa sababu mhandisi amekwisha kumwambia. Hakusema. Hili ni gumu kwa watu wenye akili na moyo wa kufundisha. Wanapata jibu zuri, wanashindwa kulizuia, na mhandisi anapofika mbele anakuta mahubiri yake yamekwisha hubiriwa, tena pengine kwa makosa. Anayetambulisha aishie kwenye swali.

Kinachofuata kinategemea makubaliano yao. Mhandisi akiacha swali lililo hewani akaanza na Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, akaenda kwenye majukumu ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, hamu yote iliyojengwa inamwagika kabla hajafika kisimani. Ndiyo sababu mwalimu anamwomba kabla ya mkutano, na anamwomba tena mbele ya watu, aanze na swali la mama. Msemaji mkavu ana sifa moja njema: akiulizwa swali bayana hulijibu bayana. Kinachomfanya achoshe ni kuachwa achague mwenyewe pa kuanzia.

Akianza hapo, hesabu yenyewe inavutia. Maji ya kisima yana miligramu 3 kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 20 lina miligramu 60. Uyamimine kwenye sufuria, uyachemshe mpaka zibaki lita 15. Zile lita 5 zilizopaa zimeondoka kama mvuke, lakini madini hayapai. Miligramu 60 bado zimo, sasa ndani ya lita 15, na hiyo ni miligramu 4 kwa kila lita. Umechoma kuni ukayafanya maji yawe mabaya kuliko ulivyoyachota. Ya bwawani ni habari nyingine: tatizo lake ni vijidudu, na moto huviua. Ushauri ule ule unaookoa mtoto upande huu unamdhuru upande ule, na hapo ndipo kijiji kizima kilipokuwa kimekwama. Baada ya hapo watu watataka kujua la kufanya, na mhandisi ataweza kuzungumzia maji ya mvua kwa watoto wadogo, kutafuta kisima kingine na kukipima kabla ya kufunga pampu, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa kama ilivyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto huko Arusha. Jedwali lile lile ambalo lingewalaza watu sasa wanalingojea.

Unawezaje kujua kama utambulisho umefanya kazi? Makofi si kipimo, makofi hupigwa kwa kila mtu. Sikiliza swali la kwanza baada ya mhandisi kumaliza. Likiwa la barabara au umeme, watu walikuwa wanangoja zamu yao tu. Likiwa ndani yake mna namba aliyoitaja, kwa mfano mzee akiuliza kama kisima cha kitongoji jirani nacho kimezidi moja nukta tano, basi walikuwa naye. Kipimo kingine ni kile wanachokisema njiani wakirudi nyumbani, na mwalimu anayeishi pale atakisikia bila kuuliza.

Utambulisho nao una mwisho wa uwezo wake. Unampa msemaji dakika tano au kumi za usikivu wa kweli. Akizitumia kusoma, watu wataondoka tena. Utambulisho unaoahidi makubwa mno hufupisha hata muda huo. Ukisema “leo tatizo la maji linakwisha”, mhandisi mwenye majibu ya maabara tu mkononi anaonekana mwongo kwa ahadi ambayo hakuitoa yeye. Afadhali kuahidi jambo dogo ambalo kwa hakika analo: jibu la swali moja.

Mkaguzi anahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu kwake tatizo si ukavu peke yake. Mhandisi anaogopwa kwa maneno yake magumu. Mkaguzi anaogopwa na baadhi, na wengine wanamtarajia kwa hamu isiyo sahihi. COASCO, Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, lipo tangu mwaka 1982, lakini mwanachama wa kawaida akisikia mkaguzi amefika huwaza mambo mawili tu: ama amekuja kukamata wezi, ama amekuja kuwafunika. Anayemtambulisha akisema “huyu ndiye atakayetuambia nani amekula fedha zetu”, atapata usikivu mkubwa mno, na usikivu huo utageuka hasira. Mkaguzi hutoa maoni kuhusu hesabu. Anaweza kutoa hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, au kusema hakuweza kutoa maoni kwa kukosa vielelezo. Hapitii kila risiti, huchagua baadhi na kuzichunguza. Hati inayoridhisha maana yake ni kwamba hesabu kwa ujumla zinaonyesha hali halisi, na haithibitishi kwamba hakuna shilingi iliyopotea. Asiyeambiwa hilo mapema atasikia “inayoridhisha” akaamini amedanganywa, hasa kama ana malipo anayodai.

Kwa hiyo utambulisho wa mkaguzi uweke swali linalojibika kwa ukaguzi. Kwa wakulima wa dengu wanaouza kupitia ghala, swali hilo liko karibu: kilo tulizopeleka ghalani kwa stakabadhi, zinalingana na kilo zilizouzwa na fedha zilizolipwa? Kila mwanachama ana stakabadhi yake. Anayetambulisha anaweza kusema: “Mkaguzi atataja kilo zilizopokelewa, kilo zilizouzwa na fedha zilizolipwa. Zishikeni namba hizo tatu. Atatuambia pia ni hati gani ametoa na kwa nini, na nimemwomba aeleze hati hiyo inathibitisha nini na haithibitishi nini.” Neno mizania halikutajwa kabisa. Litakuja baadaye, na likija litakuwa na mahali pa kukaa.

Ludovick Utouh, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanzia 2006 hadi 2014, baada ya kustaafu alianzisha taasisi ya WAJIBU, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzifanya ripoti za ukaguzi zieleweke kwa watu wasio wahasibu. Mtu aliyekaa kwenye kiti hicho miaka yote hiyo aliona kwamba ripoti kukamilika ni jambo moja, na ripoti kumfikia mwananchi ni jambo jingine linalohitaji watu wake. Katika mkutano mkuu wa AMCOS kule Iramba au Mkalama, kwa dakika mbili, mtu huyo ni yule anayemtambulisha mkaguzi.

Hapo kuna kosa moja ambalo maneno mazuri hayalitibu. Mikutano mingi huongozwa na mwenyekiti wa bodi, na bodi yake ndiyo iliyokaguliwa. Akisimama kumsifu mkaguzi, akamwita rafiki yetu, akaeleza walivyoshirikiana vizuri, hata kama kila neno ni kweli, mwanachama aliyekaa chini ya turubai ameona mkaguliwa anampamba mkaguzi. Kuanzia hapo hati inayoridhisha inakuwa na harufu. Mwenyekiti afungue mkutano kama kawaida, kisha ajenda ya ukaguzi ikifika ampishe afisa ushirika wa wilaya, au mwanachama wa kawaida anayeheshimika ambaye hayumo kwenye bodi, amtambulishe mkaguzi. Apange hivyo mapema na aseme sababu yake mbele ya watu: “Hesabu hizi ni za bodi yangu, kwa hiyo si mimi wa kumkaribisha aliyezikagua.” Kisha akae chini, asikilize pamoja na wengine.

Kwa mhandisi kanuni ni hiyo hiyo. Kama pampu ilinunuliwa na kamati ya maji na uvumi ni kwamba hela imeliwa, katibu wa kamati asimtambulishe mhandisi hata akiwa ndiye mwenye sauti nzuri kijijini. Mama anayechota maji kisimani kila siku anafaa kuliko wote. Akiuliza swali lake mwenyewe mbele ya mkutano, halina haja ya kupambwa, na mhandisi atalijibu akimtazama yeye.